Chane Tano za Mama Asha

Mwaka 1978, nikiwa kijana niliyemaliza darasa la saba, nilikabidhiwa darasa la kisomo katika kitongoji kimoja juu ya mji wa Morogoro, upande wa Mbete, ambako kwenda sokoni ni kuteremka na kurudi ni kupanda. Posho yangu ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, na haikuja kila mwezi. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama, baadhi wa umri wa bibi yangu. Naingia, natoa shikamoo yangu, naitikiwa marahaba, halafu hao hao wananiita mwalimu.

Nchi ilikuwa na haraka. Sensa ya 1967 ilikuwa imekuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Wasomaji walipangwa katika hatua nne, na aliyefika ya tatu alihesabiwa kuwa ameutoka ujinga. Kila mwalimu wa kisomo alitaka wake wafike hapo.

Somo nililorithi ubaoni lilikuwa hili: Leo ni siku ya soko. Mama Asha anakwenda sokoni. Anauza ndizi. Ananunua chumvi. Chini yake maswali: Leo ni siku gani? Mama Asha anakwenda wapi? Anauza nini? Ananunua nini?

Bibi mmoja wa safu ya mbele aliyajibu yote kabla sijaweka chaki chini, nami nilijua kwamba bado anahangaika na silabi za "mwa" na "nda". Nikamuuliza amesoma wapi. Akacheka. "Mjukuu wangu, mtu wa huku juu akishuka mjini atauza nini kama si ndizi? Na chumvi ataitoa wapi, mlimani?"

Jirani yake hakukisia, alinakili. Kwa Kiswahili swali la namna hiyo halipindui sentensi: "Anauza nini?" na "Anauza ndizi" zinalingana neno kwa neno mpaka la mwisho. Inatosha kulitafuta "anauza" pale juu, kwa macho tu, na kuandika kinacholifuata. Yule mama alipata maswali yote. Nilipofuta ubao na kumwomba anisimulie habari ya Mama Asha, akanitazama kana kwamba hatujawahi kukutana na mama huyo.

Na ugumu ulikuwa hapo hasa. Maandishi yetu ni manyoofu. Mtu akishashika silabi anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima, mkaguzi akapiga makofi, na kichwani pasiingie kitu. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Sipuuzi kazi iliyofanyika. Lakini kila nikiisikia namba ile nawakumbuka wanawake wale wawili.

Nikaanza kulibadilisha somo. Baada ya kulichezea kwa muda mrefu, likafika hapa:

Mama Asha aliamka alfajiri. Alibeba chane tano za ndizi. Mvua ilinyesha, akachelewa kufika sokoni. Chane tatu aliziuza, kila moja shilingi 2. Chane mbili hakuziuza. Alimpa dada yake anayekaa mjini. Dada yake alimpa sabuni. Mama Asha alinunua chumvi ya shilingi 2, akarudi nyumbani.

Maswali: Kwa nini alichelewa? Alirudi nyumbani na chane ngapi? Alirudi na shilingi ngapi? Sabuni aliipata wapi?

La kwanza ni jepesi kwa makusudi, maana mtu mzima akikosa swali la kwanza mbele ya mkwewe huioni tena kofia yake darasani. La pili ndilo linalochuja. Aliyekisia anajibu mbili, maana zimesalia mbili. Aliyesoma sentensi inayofuata anajua zimebaki kwa dada. La tatu halikuandikwa popote: lazima ukusanye shilingi 6 za ndizi, utoe 2 za chumvi, zibaki 4. Na sabuni, ambayo kila mtu anajua hununuliwa dukani, safari hii haikununuliwa.

Waliokwama zaidi walikwama kwenye "hakuziuza". Niliona kidole kinakwenda ha, ku, zi, kinasimama kwenye u, kinamalizia za. Mpaka hapo ile "ha" ya mwanzo imeshasahaulika, na mama wa watu anatangaza kwamba Mama Asha aliuza zote. Kumbe kazi yote ya kukana imebebwa na silabi mbili za mwanzo. Nikawa naandika "aliziuza" na "hakuziuza" moja juu ya nyingine, nawaacha wazitazame kabla ya kugusa habari yenyewe. Kisha nafunika ubao kwa gunia na kuwaambia: nisimulieni kwa Kiluguru. Aliyesoma kweli anasimulia bila shida, tena anaongeza tope la njiani. Aliyetamka tu hana la kutafsiri. Wakubwa wangu walitaka Kiswahili kitupu darasani, na wakaguzi walipokuja gunia lilikaa kando.

Mtego mmoja au miwili kwa somo inatosha. Ukitega maswali matatu, watu wazima wanaona unawachezea, na wana haki.

Miaka ya 1990 mwishoni ukaja mpango wa MUKEJA, wa kuioanisha elimu hii na mambo ya jamii yenyewe, na wanakisomo wakaanza kuchagua wanachotaka kusoma. Mama Asha akafa kifo cha kawaida. Walitaka dalali, walitaka lumbesa, walitaka stakabadhi ya ushuru. Tukaweka stakabadhi halisi mezani na kuulizana: umelipa kiasi gani? Tarehe ipi? Kwa mzigo upi? Mama mmoja aligundua kwamba karatasi aliyoitunza kwenye pindo la khanga ilikuwa ya mzigo mdogo kuliko aliotozwa. Sikuwa nimeandika swali hilo.

Siku hizi soko kuu limejengwa upya na linaitwa kwa jina la Chifu Kingalu, na fedha nyingi hazipiti mkononi. Darasa ninalolisaidia sasa husoma ujumbe wa simu, ambao una ugumu wake. Kiasi kilichoingia na salio vinakaa karibu karibu, na msomaji mchanga huchukua namba kubwa akidhani ndiyo aliyotumiwa. Shilingi 24,000.00 husomwa milioni mbili na laki nne, kwa sababu ya zile sifuri mbili za mwisho baada ya nukta. Basi kabla ya maswali tunafunika sifuri hizo kwa kidole gumba.

Ninawaandikia jumbe mbili, ubavu kwa ubavu. Mmoja unasema umepokea shilingi 24,000, jina la mtumaji na salio vikiwemo. Mwingine ni ule ambao kila mwenye simu nchini ameshaupata: ile hela itume kwenye namba hii. Maswali ni matatu. Nani ametuma? Salio lako ni kiasi gani sasa? Katika jumbe hizi, upi umeleta fedha?

Wiki iliyopita muuza mchicha mmoja alisoma huo wa pili polepole, silabi kwa silabi, akarudia mwanzo, kisha akauliza: "Mwalimu, ile hela gani?"