Radhi Isiyo na Mtenda

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alipewa onyo la maandishi kwa kuwasilisha programu iliyoandikwa na mtu mwingine. Siku chache baadaye aliniletea barua. Chini ya kichwa “YAH: KUOMBA RADHI” aliandika: “Naomba radhi kwa makosa yaliyojitokeza katika zoezi langu na kwa usumbufu uliosababishwa.” Kwa ridhaa yake, naijadili barua hiyo hapa, kwa kuwa lugha yake ni ileile tunayoisoma kila siku kwenye mbao za matangazo za ofisi zetu.

Kwanza nieleze kosa lenyewe. Niliwapa wanafunzi faili lenye alama za mtihani, alama moja katika kila mstari, wakokotoe wastani. Kiini cha programu yake kilikuwa hiki:

```
for i in range(1, len(mistari)):
    jumla = jumla + int(mistari[i])
wastani = jumla / (len(mistari) - 1)
```

Kompyuta huhesabu mistari kuanzia 0. Programu inayoanza na 1 huuruka mstari wa kwanza. Tuchukue alama 80, 70, 50, 60 na 40: wastani wake ni 60, lakini programu hii huiacha 80, hujumlisha 220, hugawanya kwa 4, na kutoa 55. Hata hivyo, mwandishi wake wa asili hakukosea. Zoezi la mwaka uliotangulia lilikuwa na faili ambalo mstari wake wa kwanza ulikuwa kichwa cha jedwali, nao ulistahili kurukwa. Programu ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo mwanafunzi huyu hakuulizwa.

Vipo vyombo vya kulinganisha programu, kama MOSS, kilichobuniwa mwaka 1994 na ambacho hakidanganyiki kwa kubadilisha majina ya vigeu. Lakini chombo hicho hupima mfanano tu. Wanafunzi wawili wanaweza kufanana kwa sababu swali ni dogo, au kwa sababu wote wametumia kipande nilichowapa darasani. Ndiyo maana kabla ya onyo nilimwita na kumwuliza swali moja: kwa nini hesabu yako inaanzia 1? Hakuwa na jibu, kisha akakiri.

Sasa tuirudie barua. “Makosa yaliyojitokeza.” Kitenzi hiki kina hila yake: kosa linajitokeza lenyewe, kama uyoga baada ya mvua. “Usumbufu uliosababishwa” nao una mtendwa, lakini mtenda ameondolewa. Barua nzima ilikuwa na adabu, ilikuwa na sahihi na tarehe, ila haikuwa na mtu aliyefanya jambo lolote. Sikumlaumu sana kijana. Alikuwa ameiga pia lugha ya barua, kutoka kwa sisi wakubwa.

Sikumwamuru aandike upya, kwa maana radhi ya kuamriwa haina thamani, na onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Nilimwambia tu kwamba nimesoma barua yake na sikuona ni nani aliyefanya nini. Baada ya wiki alileta nyingine, fupi zaidi:

“Mwalimu, niliomba programu kwa kaka aliyenitangulia mwaka mmoja, nikabadilisha majina ya vigeu na kuiwasilisha kama yangu. Yeye alidhani nataka kujifunzia, na kwa sababu yangu naye aliitwa kuhojiwa. Nimekwenda kumwomba radhi. Nimeliandika zoezi upya. Hesabu inaanzia 0 kwa sababu faili letu halina kichwa. Siombi alama zirudishwe.”

Hapa vitenzi vina mwenyewe: niliomba, nikabadilisha, nimekwenda. Aliyeumizwa ametajwa, na si mimi, bali yule aliyemwamini. Fidia imekwisha anza kabla ya barua kufika. Tena sentensi moja kuhusu 0 na 1 ilinithibitishia kwamba safari hii programu ni yake, kwa kuwa anaweza kueleza sababu ya mstari aliouandika. Alama sikuzirudisha, wala onyo halikufutwa. Barua ya radhi haiondoi adhabu. Humrudisha mtu katika nafasi ya kuaminiwa tena.

Wapo wasomaji wangu walio maofisini, ambao kesho huenda wakaandaa taarifa kwa umma: malipo yamechelewa, majina yamekosekana kwenye orodha. Mkono utataka kuandika “changamoto zilizojitokeza”. Kabla ya kutia sahihi, tafuteni mtenda katika sentensi hiyo. Asipoonekana, mwananchi aliyekosa malipo hatajua mlango wa kubisha, na mwezi ujao kosa hilo litajitokeza tena.