Pirouet 1988 sikumpata mtandaoni

Vijana wenzangu, hii ni kwa yeyote anayeandika kazi ya chuo na amekwama kwenye chanzo kimoja ambacho Google haikijui. Mimi kilinichukua wiki mbili na bando nyingi.

Naandika juu ya Oktoba 1982, wakati Wanyarwanda walipofukuzwa Ankole, magharibi mwa Uganda. Waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwemo raia wa Uganda pia, watu wenye mashamba na ng'ombe zao. Mimi nimetoka Rutshuru, nazungumza Kinyarwanda, na nilishaambiwa "rudini kwenu" nikiwa kwetu. Kwa hiyo niliposoma kwenye makala moja kwamba raia na mkimbizi walifukuzwa pamoja, na kwamba tangu hapo wengi walijifunza kuficha lugha yao, nilisimama. Mwisho wa sentensi kulikuwa na mabano: (Pirouet 1988).

Nikamwonyesha msimamizi wangu. Akauliza swali moja tu: "Huyo Pirouet umemsoma mwenyewe?" Sijamsoma. "Basi mtafute kwanza."

Chumbani Nateete nikakopi jina la andiko, Refugees in and from Uganda in the Post-Colonial Period, nikaliweka Google Scholar. Likatokea, ila mbele yake pameandikwa [CITATION] na hakuna pa kubonyeza. Maana yake ni kwamba Google imeliona kwenye marejeo ya watu wengine tu, andiko lenyewe haina. Nikajaribu katalogi ya maktaba ya chuo kimoja hapa mjini: sifuri. Nikaandika imeili kwa hasira kidogo: "Naomba Pirouet 1988, ni haraka."

Mama mkutubi alinijibu kesho yake kwa upole: nitumie marejeo yote kama yalivyo kwenye makala, usifupishe.

Nikarudi kwenye orodha ya marejeo, safari hii nikasoma mpaka nukta ya mwisho. Baada ya lile jina refu kulikuwa na neno dogo "in", halafu majina mawili, Hansen na Twaddle, halafu Uganda Now. Kumbe siku zote nilikuwa natafuta sura, si kitabu! Katalogi nyingi za maktaba huorodhesha vitabu kwa jina la kitabu na la wahariri. Mwandishi wa sura moja ndani yake mara nyingi hatajwi. Ukiona "in" au "katika" kwenye marejeo, tafuta kilichoandikwa baada yake.

Nikaandika tena. Niliandika kwa Kiingereza, lakini ilisema hivi:

"Mpendwa Mkutubi, asante kwa kunijibu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Natafuta sura ya Louise Pirouet, 'Refugees in and from Uganda in the Post-Colonial Period', iliyomo kwenye kitabu Uganda Now, wahariri Holger Bernt Hansen na Michael Twaddle, 1988. Nimeikuta imetajwa kwenye makala ninayoiambatisha, nimepiga mstari mahali penyewe. Nimetafuta Google Scholar kwa jina la sura, nimepata marejeo tu. Sihitaji kitabu kizima, ni sura hiyo peke yake. Naweza kuja kuisomea hapo siku yoyote kabla ya tarehe 20. Kama hamna kitabu hiki, naomba unielekeze maktaba nyingine."

Linganisheni na ile ya kwanza. Hii inampa mkutubi kitu cha kuandika kwenye katalogi, inamwonyesha pa kuhakikisha kama mwandishi wa makala alikosea mwaka au jina, na inamzuia kurudia nilichoshafanya. Kuomba sura moja pia ni rahisi kukubaliwa, maana haki za mwandishi hazimruhusu mkutubi kukuskania kitabu kizima.

Akajibu na namba ya rafu: kipo, ila hakitoki nje ya chumba cha kusomea. Nikapanda teksi asubuhi na daftari langu.

Nilisoma sura yote, kisha nikarudia. Habari ya kufukuzwa kwa watu mwaka 1982 imo. Habari ya watu kuficha lugha yao sikuiona popote. Nusu ile ya pili ilikuwa mawazo ya mwandishi wa makala, ila kwa vile mabano yalikaa mwisho wa sentensi, mimi nikaipokea yote kama ya Pirouet.

Na ndiyo nusu niliyoipenda zaidi, kwa sababu ni habari yangu. Nyumbani kwetu tunaongea polepole jirani akipita. Ningeiandika kwa jina la Pirouet, ningemsemesha mtu asilosema. Sasa kwenye kazi yangu sentensi zimekuwa mbili, kila moja na mwenyewe. Hiyo ya lugha nimeanza kuwauliza wazee wa Nateete waliokuwepo.