Sumaku za Bibi

Bibi yangu vidole vimekakamaa. Vifuniko vya chupa za dawa, vile vya kubonyeza huku unazungusha, vimemshinda, na mara mbili tulimkuta amelala bila kumeza dawa ya presha. Nikaamua kumchapia kiboksi kwenye printa ya 3D ya rafiki yangu, chenye kifuniko kinachoshikwa na sumaku. Unakisukuma kwa kiganja tu, kinafunguka.

Sumaku ningeweza kuzibandika mwishoni kwa gundi. Lakini gundi huachia, na sumaku ndogo ikidondokea kati ya vidonge, nani ataitofautisha? Zikimezwa mbili huvutana tumboni, zikaubana utumbo katikati mpaka ukatoboka. Nilitaka zizikwe kabisa ndani ya plastiki, na ili uzizike lazima uisimamishe printa katikati ya kazi.

Sumaku zangu zilikuwa na upana wa milimita 6 na unene wa 2. Printa hupanga plastiki tabaka juu ya tabaka, kila moja milimita 0.2. Niliacha sakafu ya tabaka tatu, halafu mashimo mawili yenye upana wa 6.2 na kina cha 2.2. Mashimo yanakamilika kwenye tabaka la 14. La 15 ndilo linaloziba. Kwenye PrusaSlicer nikaweka kituo kwenye la 15, maana programu husimamisha kabla tabaka ulilochagua halijaanza. Ukichelewa kwa tabaka moja tu, unakuta kaburi limeshafunikwa, tupu.

Printa ikasimama, kichwa kikasogea pembeni, kitanda kikabaki na moto wake ili kazi isibanduke. Nikatia tone la gundi kila shimo, kwa sababu kichwa cha printa kina vyuma, na sumaku isiyoshikwa huruka kukifuata. Kisha nikapitisha ukucha juu. Ukikwama, ujue sumaku imechomoza na ncha itaigonga.

Kumbe kilichoniangusha ni upande. Kifuniko kilimalizika usiku wa manane, basi la Tanga linaondoka alfajiri, sikukijaribu. Bibi akakiweka juu ya kiboksi: upande mmoja ukavuta, mwingine ukasukuma.

“Mume wangu,” akasema, “hiki kitu chako kimeninunia.”

Sumaku moja niliizika kichwa chini. Ikishazikwa huigeuzi. Nilivunja kifuniko kwa nyundo pale uani, na Bibi akaniuliza kama ndivyo tulivyofundishwa chuo kikuu.

Safari hii nilirudi Dar na kiboksi chenyewe. Nikaiacha kila sumaku ijinase mahali pake kwenye kiboksi, nikatia nukta ya kalamu kwenye uso uliobaki nje. Kifuniko nilikichapa mgongo chini, kwa hiyo nukta nayo ilipaswa kuangalia chini. Printa iliposimama nilizikagua mara tatu, rafiki yangu akinicheka, ndipo nikabonyeza iendelee.

Jana dada alinipigia. Kidonge cha jana hakikuwemo kiboksini.