Samaki Ndani ya Kisa

Hebu soma hili, ndugu msomaji: Kisa tofauti kimemficha samaki (4). Hiyo 4 ni idadi ya herufi za jibu. Hapa Mwanza kila mtu huanza kutaja samaki anaowajua: furu, mumi... Wote wana herufi nne, lakini wote ni kubahatisha tu.

Maana ya jibu hukaa mwanzoni au mwishoni mwa fumbo, na hapa ni "samaki". "Kimemficha" ndiyo ishara. Kinachobaki, "kisa tofauti", ndiyo malighafi, yaani herufi zenyewe za jibu. Ziunganishe: KISATOFAUTI. Sasa chukua nne nne kwa mfuatano, bila kuruka wala kupangua: KISA, ISAT, SATO. Umempata! KISA hatuitaki, maana hiyo ipo wazi, haijafichwa.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa mafumbo ya magazeti ya Kiingereza, alishikilia kwamba mchezo huu hauwezekani kwa Kiswahili. "Bwana, maneno yetu yote yanaishia na irabu, utaficha nini?" Nilikerwa, kwa sababu lugha hiyohiyo ndiyo ninayotaka kuandikia riwaya. Lakini irabu humsaidia mfumbuaji: ISAT, ATOF na FAUT unaziruka bila hata kufikiri. Tena viambishi vinakuambia nani kamficha nani. Katika "kimemficha", ki- ni kisa na -m- ni samaki. Kiingereza hakina raha hiyo.

Fumbo la kumeza lina hila zaidi: Kaa kameza si kifaa cha mvuvi (5). Ukilisoma harakaharaka, "si" inakanusha. Mwingereza Macnutt, aliyejiita Ximenes, na ambaye mwaka 1966 alitoa kitabu kuhusu utunzi wa mafumbo haya, alidai kila neno lifanye kazi. Basi iulize hiyo "si" kazi yake. Maana ni "kifaa cha mvuvi". Malighafi ni KAA, herufi tatu, na SI, mbili. Jumla tano, hesabu imekubali. Mlaji hupasuka katikati, mliwa habadiliki: KA-SI-A. Kasia!

Angalia sana kitenzi. Ingekuwa "kamezwa na si", KAA ndiye angeingia ndani, tukapata SKAAI, upuuzi mtupu. Herufi moja tu, w, inageuza kila kitu.

Tena mtunzi mkorofi anaweza kuandika "mwenye magando" badala ya kaa. Hapo herufi huzioni, lazima kwanza utafute kisawe. Katika fumbo la kuficha hilo halitokei kamwe. Herufi zote zipo mbele ya macho yako.

Hili nakuachia: Mwana kameza herufi ya mwisho ufukweni mwa ziwa (6). Herufi ya mwisho ni ya alfabeti, siyo ya mwana.