Kiboko Ametoka Ngeli Gani?

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha karibu na Masaka, nilipangiwa kidato cha pili, na mada ya siku ile ilikuwa upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya KI-VI. Andalio langu la somo lilikuwa la dakika 40: utangulizi dakika 5, mifano ubaoni 15, kazi ya vikundi 15, hitimisho 5. Mhadhiri aliyekuja kunikagua alikaa nyuma akiwa na fomu ya alama, na moja ya alama hizo ilikuwa ya kufuata andalio.

Niliandika ubaoni: kiti kimeanguka, viti vimeanguka, kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka. Kisha, kwa kuwa andalio lilitaka nitaje mambo yasiyofuata kanuni, niliongeza: kiboko ameanguka, viboko wameanguka. Nilikusudia kusema tu kwamba majina ya wanyama huchukua upatanisho wa A-WA, halafu niendelee.

Msichana mmoja, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema darasani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kiboko amekosa nini hata afukuzwe katika ngeli yake? Kwetu chura ana 'ki' na hakuna anayemfukuza."

Darasa lilicheka, lakini mimi nilimwelewa. Katika Kiganda chura ni *ekikere*, na chura akianguka tunasema *ekikere kigudde*, kama vile tunavyosema *ekitabo kigudde* kwa kitabu. Nikamwomba aje ubaoni aandike sentensi zake. Wenzake wakamsaidia: *omwana agudde*, mtoto ameanguka, *omuti gugudde*, mti umeanguka, *embwa egudde*, mbwa ameanguka. Mbele ya kila sentensi tukaandika ile ya Kiswahili, tukapigia mstari kiambishi cha kitenzi.

Jibu lilitoka kwao wenyewe. Kiganda hutazama sura ya jina: jina likianza na *eki*, kitenzi hupata *ki*, awe chura au kitabu. Kiswahili huuliza kwanza, "Je, huyu ni mtu au mnyama?" Akiwa ndiye, kitenzi hupata *a* au *wa* hata kama jina linaanza na *ki*. Asipokuwa ndiye, ndipo sura ya jina hutazamwa. Ndiyo maana kiboko, kifaru, kipofu na kijana huacha *ki* yao kwenye kitenzi. Mvulana mmoja akauliza kama mti nao si kiumbe hai. Ni kweli, lakini tunasema mti umeanguka. Tukaandika neno "wanyama" badala ya neno "uhai", maana uhai peke yake hautoshi kuwa kipimo.

Hapo nikaona sababu ya sentensi nilizokuwa nikizisahihisha kila wiki: "mbwa imebweka", "ng'ombe zimekula mahindi". Wanafunzi walikuwa wakifuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni ya Kiganda.

Zilibaki dakika kama 12, na kazi ya vikundi haijaanza. Yule msichana akauliza tena: "Kama Kiswahili hutazama maana kwanza, mbona mwalimu husema 'rafiki yangu' na si 'rafiki wangu'?"

Nikaandika: Rafiki yangu amefika. Rafiki zangu wamefika. Kitenzi kinafuata maana, lakini *yangu* na *zangu* zinafuata sura ya ngeli ya I-ZI, kama katika nyumba yangu na nyumba zangu. Ndivyo tunavyosema pia baba yangu na ndugu zangu. Majina haya ya jamaa na mahusiano yamebaki na umilikishi wa I-ZI, yaani njia ile ile ya Kiganda katika *embwa yange*. Katika sentensi moja fupi kanuni zote mbili zinakaa pamoja. Niliwatahadharisha kwamba njia hiyo ina mpaka: katika Kiswahili sanifu cha mtihani, mnyama hupewa "wangu", kwa hiyo wataandika "mbwa wangu ameanguka", ingawa mitaani watasikia "mbwa yangu".

Kazi ya vikundi niliifupisha. Badala ya sentensi 10 za kujaza nafasi, kila kundi lilipewa tatu: "Mbwa yangu imeanguka", "Kipofu kimevuka barabara", "Rafiki zangu zimefika". Walitakiwa kusahihisha na kueleza ni lugha gani iliyoongoza kosa. Ile ya tatu ndiyo iliyowapima kweli, kwa sababu aliyebadilisha *zangu* na *zimefika* pamoja alikuwa amekariri tu. Makundi manne kati ya sita yaliiacha *zangu* mahali pake, yakabadilisha kitenzi peke yake.

Mhadhiri alinipunguzia alama za muda. Lakini kwenye sehemu ya maoni aliniagiza niuweke ubao ule wa lugha mbili katika andalio la ngeli ya I-ZI, na safari hii niupangie dakika 15.