Mizani ya Logi Dramu

Amapiano, muziki wa vitongoji vya Gauteng huko Afrika Kusini, hupimika kwa kipimo tukijuacho. Duru moja ya mdundo wake ina mapigo 4, na kila pigo hugawika mara 4. Hizo ni nafasi 16, sawa na mizani za mshororo wa shairi letu la kawaida.

Katika harusi moja ya karibuni, mke wangu, ambaye hakuwa amecheza tangu apasuliwe goti, aliinuka wimbo fulani ulipopigwa. Nikautaka wimbo ule. Nilirekodi kwa simu, lakini Shazam haikuambulia kitu: shangwe zilifunika muziki, na dijei alikuwa amekwisha kuuchanganya na mwingine. Ikabaki kuhesabu.

Nilihesabu mapigo 28 kwa sekunde 15, yaani 112 kwa dakika. Hausi ingefika 30 au 31, na kiki yake ingegonga kila pigo bila kukosa. Hapa kiki ilikuwa hafifu, na kayamba ndilo lililoshika mwendo. Basi ni amapiano.

Logi dramu ndiyo ile besi yenye mlio wa gogo lililo wazi ndani. Haichongwi na fundi. Ni sauti ya kompyuta, iliyotokana na programu ya FL Studio. Kwa kuwa watunzi wengi huitumia, mlio wake hukuonyesha aina ya muziki tu. Wimbo hutambulikana kwa mahali inapoangukia. Hii iliangukia mizani ya 4, ya 7, ya 11, kisha ya 14 na 15 kwa kufuatana. Ya kwanza iliachwa tupu. Katika duru ya nne, pigo la mwisho liliteleza kushuka, kama msomaji anayelegeza sauti mwishoni mwa ubeti.

Piano nayo ilizunguka kwa duru hizo 4. Chini yalikuwapo makundi manne ya noti, moja kwa kila duru. Juu, noti tatu zilizopanda, ya tatu ikavutwa. Noti hizo ndizo za kukariri, maana huimbika hata kwa mtu asiyejua kinanda.

Kesho yake nilimwimbia dijei piano huku nikigonga meza kwa logi dramu. Alinichezea nyimbo mbili zenye piano inayokaribiana na ile. Ya kwanza iligonga mizani ya 1, nikaikataa. Ya pili iliangukia palepale, hata mtelezo ukaja duru ya nne. Nikamwomba jina. Akacheka: haijatolewa bado, alitumiwa faili na mwenzake aliyeko Pretoria, nalo limeandikwa tarehe tu. Madijei wa amapiano huzipiga nyimbo nyingi namna hii kabla hazijafika sokoni, na hapo hakuna programu ya kumsaidia mtu.

Mke wangu hakungoja. Anauita Goti.