Jina la Chini ya Risiti

Hoteli moja mjini Meru ilikalia shilingi 18,000 zangu kwa miezi minne. Nilikuwa nimeiandikia menyu na maneno ya tovuti, kazi ninayofanya tangu niache chuo. Meneja akaniambia, "Kijana yangu, andikia wenye jina, wako Nairobi." Wenye jina wakajibu kwamba wao hukodisha jina tu. Askari wa getini naye akaniongezea: jengo ni la mzee mwingine kabisa, huja tu kuchukua kodi.

Si ajabu. Hilton ya Nairobi ilikuwa jengo la kampuni inayoitwa International Hotels Kenya, na serikali ilikuwa na hisa humo, karibu asilimia 40. Hilton wenyewe waliendesha kwa mkataba. Mwisho wa 2022 wakafunga wakaondoka na jina lao. Ule mnara wa mviringo haukwenda popote.

Mwenye jina ni rahisi, yuko kwenye bango. Wa kukulipa ni yule anayeendesha kila siku, na huyo anajificha kwenye risiti. Nikaagiza chai ya shilingi 150. Chini ya nembo, kwa herufi ndogo, kulikuwa na jina la kampuni ambalo sikuwahi kulisikia, na PIN yake ya KRA. Nikaingia iTax, sehemu ya PIN Checker, nikaweka ile PIN, nikajibu ile hesabu yao ndogo, na jina lilelile likatokea. Hata ujumbe wa M-Pesa ulilitaja.

Rafiki yangu akanitumia picha ya risiti kutoka Embu, hoteli yenye bango kama hilo. PIN tofauti, kampuni tofauti. Ningeshtaki bango, ningeshtaki nani hasa?

Kwa eCitizen nikaomba CR12 ya ile kampuni ya Meru. Hiyo huonyesha wakurugenzi, wenye hisa na anwani iliyosajiliwa. Lakini kama risiti ina jina la biashara tu, bila "Limited", CR12 haipo. Unatafuta usajili wa jina la biashara, na anayedaiwa ni mtu mwenyewe.

Mwenye jengo hatafutwi kwa jina la hoteli. Ofisi ya ardhi inataka namba ya ploti, na hiyo hakuna mhudumu atakupa. Mimi sikuhangaika naye, maana hakuniagiza kazi.

Barua ya madai nikaipeleka kwa anwani ya CR12, nikitaja Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja. Siku ya tatu meneja akapiga simu.

"Hilo jina la kampuni umelitoa wapi?"

"Kwa chai yenu."

Jioni akatuma 9,000. Zile zingine bado tunaongea.